Kampuni ya Teknolojia, Kumbe Kwenye Daftari ni Duka

"Sisi tuna apu, tuna madevelopa, tunajiita kampuni ya teknolojia na watu wote wanajua hivyo, sasa mbona kwenye makaratasi tunawekwa rejareja au mikopo? Si ni kutudharau?"

Sio dharau. Mtu wa takwimu anayekupangia kundi haangalii unafanya kazi na vyombo gani, anaangalia ni kitu gani wengine wanakulipa, na katika hivyo vyote kipi kinaacha thamani kubwa mikononi mwako. Hapa Uganda UBOS, ofisi ya taifa ya takwimu, wanafuata mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kupanga shughuli za kiuchumi unaoitwa ISIC, toleo la 4 ndilo limezoeleka, na ndani yake kila shughuli ina namba yake. Kuandikia wengine programu ni 6201, kuuza rejareja kwa intaneti ni 4791, kutoa mikopo bila kuwa benki ni 6492. "Teknolojia" yenyewe kama kundi moja kubwa humo haipo, kuna kifungu J cha habari na mawasiliano basi.

Sasa wengi wanadhani wanatakwimu wanaangalia mauzo, ndiyo maana wanasikia wameonewa. Kanuni inasema thamani iliyoongezwa, yaani chukua ulichouza, toa vitu na huduma ulizonunua kwa wengine ili uuze, kinachobaki ndicho chako, humo ndimo mnamotoka mishahara, faida na vingine. Simu umeiuza laki 5, wewe uliinunua kwa 440,000 na usafiri na kifungashio vikala 20,000, umeongeza 40,000 tu. Programu umeiuzia Sacco kwa laki 5 hiyo hiyo, umeme na intaneti vimekula 50,000, umeongeza 450,000. Kwa hiyo kanuni inampendelea mwandika programu kuliko mwenye duka, na hili sijui kwa nini halisemwi. Kama pamoja na upendeleo huo bado umetokea rejareja, basi duka lako ni kubwa kweli.

Tutunge kampuni moja ya Kampala, ofisi iko Ntinda, tuone inavyopangwa. Kwa mwaka imeongeza thamani ya shilingi milioni 1,000. Milioni 300 zimetoka kwenye programu inazowaandikia watu wengine. Milioni 250 ni simu inazouza kwa wateja kupitia apu, milioni 200 ni simu inazowauzia wenye maduka kwa jumla, na milioni 250 ni riba ya mikopo inayowapa wanaochukua simu kidogo kidogo. Ukiniuliza shughuli moja iliyo kubwa kuliko zote nitakwambia programu, 300, na mwenye kampuni atapiga kifua hapo hapo.

Lakini hesabu haianzi chini, inaanza juu. Kwanza unatafuta kifungu kinachoshinda. Biashara ya jumla na rejareja zote zinakaa kifungu G, kwa hiyo 250 na 200 zinajumlishwa, G ina 450. J ina 300. K, ambacho ni fedha, kina 250. G imeshinda, na ukishaingia G hutoki tena, unashuka ndani yake tu: rejareja 250 inaishinda jumla 200, na kwenye rejareja shughuli yenyewe ni ya intaneti, basi namba ni 4791. Kampuni ambayo shughuli yake kubwa kuliko zote ni programu imeandikwa duka, na hakuna aliyekosea popote.

Ukitaka kuona ilivyo nyembamba, funga hiyo biashara ya jumla. G inabaki 250, K 250, J 300, kampuni imekuwa ya teknolojia bila hata mtu kuandika mstari mmoja wa programu. Ndiyo maana wanatakwimu hawakimbilii kubadilisha namba kwa mwaka mmoja, Ulaya kwa mfano shughuli mpya inatakiwa iongoze angalau miaka 2 ndipo kampuni ihamishwe, la sivyo kila mwaka zingekuwa zinahamahama na mfululizo wa takwimu usingesomeka.

Na madevelopa wa ndani je? Wale wanaotunza sava, wanaorekebisha apu ikigoma, hao wanahesabiwa kuwa wanasaidia shughuli kuu, kama mhasibu na askari wa getini, jasho lao linaingia kwenye thamani ya duka wanalolisaidia. Hapa ndipo penye maumivu, na mimi naona wanaolalamika wana hoja. Ukisoma takwimu za nchi utaona teknolojia ni kidogo wakati imejaa ndani ya maduka, benki, usafiri. Pia mwekezaji anayelinganisha kampuni ya mikopo ya apu na mkopeshaji wa dirishani pale Kikuubo atapotoka kidogo, maana mmoja akiongeza wateja 10,000 lazima aajiri na akodi vyumba, mwingine anaongeza nafasi kwenye sava. Hilo ni kweli. Ila mbona wote wawili mteja asipolipa wanapoteza pesa ile ile? Kwangu hatari inakaa hapo, haikai kwenye simu.

Mfano ambao huwa unanirudia kichwani ni Amazon. Kwenye masjala ya soko la mitaji la Marekani namba yake ni 5961, kundi la maduka ya katalogi na ya kuagiza kwa posta, kampuni inayokodisha kompyuta kwa intaneti dunia nzima! Kwenye GICS, mpangilio wa MSCI na S&P unaotumiwa na wawekezaji, nako iko kwenye rejareja. Angalia mwaka 2023. Mauzo yote yalikuwa dola bilioni 574.8, kitengo cha kompyuta, AWS, kikiwa na bilioni 90.8, kama asilimia 16 hivi. Faida ya uendeshaji ya kampuni nzima bilioni 36.9, AWS peke yake 24.6. Theluthi mbili! Kwa mauzo ni duka, kwa faida ni kampuni ya kompyuta, mwaka mmoja, ripoti moja.

Nimeligeuza hilo mara nyingi, na mwanzoni unaona kabisa GICS wamekosea, maana wao wanaanza na mauzo, faida na mtazamo wa soko vinafuata nyuma. Ila faida nayo inadanganya kwa upande wake. Amazon ilimaliza 2023 na wafanyakazi kama milioni 1.5, na wengi wao wako kwenye maghala na usambazaji, hawako kwenye sava. Mishahara yao sio faida lakini ni thamani iliyoongezwa. Ukipima kwa faida peke yake umewafuta watu hao wote, kana kwamba kazi yao haikuzalisha kitu kwa sababu tu bosi wao hakubakiwa na kingi. Thamani iliyoongezwa inawahesabu wao na faida ya AWS pamoja, kwa hiyo picha inakaa katikati ya asilimia 16 na theluthi mbili, na mishahara inaivuta irudi dukani. Mimi nawaamini zaidi wanatakwimu hapa kuliko watu wa soko la hisa.

Watu wa soko nao wanajisahihisha wenyewe. Machi 2023 Visa, Mastercard na PayPal zilitolewa kwenye teknolojia ya habari zikapelekwa fedha. Mitambo ilikuwa ile ile, kadi zile zile, wateja wale wale. Kilichobadilika ni kwamba wapangaji walikubali kwamba kupitisha malipo ni shughuli ya fedha hata ukiipitisha kwa kompyuta.

Kwetu sisi Uganda jambo hili lilitatuliwa kwa njia nyingine, na naona ndiyo safi zaidi. MTN walianza pesa za simu mwaka 2009, na miaka mingi huduma ilikaa ndani ya kampuni ya simu pamoja na benki mshirika. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Kitaifa ya 2020 ikaja ikataka kampuni ya simu inayotoa pesa za kielektroniki iiweke huduma hiyo kwenye kampuni tanzu, iwe na leseni ya Benki ya Uganda, na pesa za wateja zikae kwenye akaunti ya amana zisichanganyike na za kampuni. Sasa mama ni mawasiliano, mtoto ni fedha, kila mmoja na hesabu zake, hakuna tena ugomvi wa 450 dhidi ya 300 maana kila kampuni inapimwa peke yake. Yule wa Ntinda akitaka kuitwa teknolojia afanye vile vile, aitenge kazi ya programu iwe kampuni yake yenye vitabu vyake. Asishangae tu ile iliyobaki na mikopo ikidaiwa leseni ya mkopeshaji kutoka UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji wadogo, maana sheria ya 2016 ya wakopeshaji inatazama kama unakopesha, haina habari na apu yako.

Kuna mahali mfumo unaharibika kweli na hapo siwatetei. Thamani iliyoongezwa ni ngumu kuipata, kwa hiyo mara nyingi ofisi inaomba badala yake mauzo au idadi ya wafanyakazi, na ule upendeleo kwa mwandika programu unapotea pale pale. Tena namba nyingi zinaanzia kwa mwenye biashara mwenyewe siku anajisajili, anachagua inayosikika vizuri, miaka inapita, kampuni imehamia kukopesha na daftari bado linasema programu. Kwa hiyo kosa liko pande zote mbili, kuna maduka yaliyoandikwa teknolojia pia, sema hao hatuwasikii wakilalamika.

Ukitaka kujua kampuni ni ya nini bila kungoja UBOS, chukua hesabu zake zilizokaguliwa uangalie mistari miwili. Upande wa mali, kitu kikubwa ni nini, bidhaa zilizo stoo au mikopo ambayo wateja hawajarudisha? Halafu upande wa gharama, kubwa ni ununuzi wa bidhaa, ni tengo, yaani pesa inayowekwa pembeni kwa ajili ya mikopo isiyolipika, au ni mishahara ya madevelopa? Ukikuta mikopo kwa wateja ni nusu ya mali zote na tengo la wasiolipa linapita mishahara, hiyo ni nyumba ya mikopo hata kama bango la mlangoni limeandikwa vingine. Ukikuta stoo imejaa, ni duka. Toleo la 5 la ISIC, lililopitishwa na wanatakwimu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2023, limeenda mbali zaidi, halitenganishi tena rejareja ya intaneti na ya dukani, inaangaliwa bidhaa gani inauzwa, na wale wanaokutanisha muuzaji na mnunuzi kwa komisheni bila kuimiliki bidhaa wamepewa kundi lao. Muuza simu wa kwenye apu na muuza simu wa Kampala Road watakaa mstari mmoja.