Filta na mkono wa mhariri: nani amegusa uso huu, na amezidisha wapi?

Mabishano kuhusu picha za uso mitandaoni huwa na kambi mbili. Wa kwanza husema filta ya urembo ni uongo, ila picha iliyosafishwa na mhariri ni ufundi. Wa pili husema yote ni mamoja, kwa kuwa sura imebadilishwa vyovyote vile. Naona kambi zote mbili zinaliruka swali linalotenganisha mambo haya: nani aliamua kipi kibadilike, na aliamua akitazama nini?

Filta huanza kwa kutafuta alama usoni: pembe za macho, ncha ya pua, ukingo wa midomo, mstari wa taya. Mfumo wa MediaPipe Face Mesh wa Google, kwa mfano, huweka alama 468 na kuziunganisha kuwa wavu. Wavu ukishatandazwa juu ya sura, filta huuvuta kwa kanuni ileile kwa kila mtu. Taya huingizwa ndani, macho hupanuliwa, pua hufinywa. Sambamba na hayo ngozi hulainishwa: kila pikseli huchanganywa na majirani zake wenye rangi inayokaribiana nayo, ili mabaka yafifie lakini kingo kali kama kope na nyusi zibaki. Kwenye video ya fremu 30 kwa sekunde, kazi yote hiyo ina takriban milisekunde 33. Hakuna nafasi ya kujiuliza kama doa lile ni chunusi ya juzi au alama ya kuzaliwa.

Mhariri anajiuliza hilo hilo. Kawaida ya wengi wao ni kuondoa kinachopita, kama chunusi au mkwaruzo, na kuacha cha kudumu, kama kovu au kidoa cha kuzaliwa, isipokuwa mwenye picha ameomba vingine. Chunusi hufunikwa kwa ngozi iliyonakiliwa kutoka sentimita moja au mbili pembeni, ambako mwanga unaangukia vilevile. Kwa mabaka mapana, picha hugawanywa katika safu mbili. Moja hubeba rangi na vivuli, nyingine hubeba vitundu vya ngozi na laika. Mhariri husawazisha safu ya rangi peke yake, na ngozi hubaki na chembechembe zake.

Hadi hapo mkono unashinda kwa heshima. Lakini filta nayo ina utetezi wake. Mara nyingi jina lake huonekana kwenye chapisho, na watazamaji wengi wameshazoea sura inayotoa. Kazi ya mkono haina jina popote, na kadiri fundi anavyokuwa hodari ndivyo alama zake zinavyopungua, hata kama amempunguza mtu kiuno au kumwondolea miaka 10. Kwa upande mwingine, simu nyingi zina ulainishaji wa uso ndani ya kamera yenyewe, na mtumiaji anaweza kupiga picha miezi kadhaa bila kujua umewashwa. Huwezi kumwita mwongo mtu ambaye hakuamua chochote.

Hata sheria zimeliona jambo hili kwa njia mbili. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, inataka picha za kibiashara za wanamitindo zibebe maelezo kama umbo la mwili limefanywa jembamba au nene. Ngozi haimo. Norwei, kuanzia Julai 2022, inataka alama kwenye tangazo ambamo umbo, ukubwa au ngozi ya mtu imebadilishwa, iwe kwa filta au kwa mkono. Msimamo wa Norwei nauona imara zaidi, kwa sababu unapima matokeo badala ya chombo kilichotumika.

Sasa tuchukue picha moja. Mtu amekaa kando ya dirisha, uso umegeuka kidogo, kiganja kimeegemea shavu, sikioni ana hereni ya duara, na nyuma yake kuna ukuta wa vigae vya mraba. Usianze na uso. Anza na vilivyo jirani nao.

Vigae vinatakiwa kuwa na mistari iliyonyooka. Mstari ukijipinda hasa pale unapokaribia taya, taya hiyo imevutwa, ama na filta ama na kifaa kama Liquify cha Photoshop. Hereni nayo ikiwa na ubavu uliobonyea upande wa shavu, ushahidi unaongezeka. Mhariri makini huifunga sehemu ya nyuma isisogee kabla ya kuvuta taya. Filta nyingi hazifanyi hivyo.

Kisha tazama vidole. Filta hulainisha uso na mara nyingi huacha mkono, kwa hiyo mikunjo ya vidole itaonekana wazi huku shavu lililo karibu nao halina hata kitundu. Pale kidole kinapokatiza mstari wa taya, wavu hukisia taya iko wapi, na kidole huweza kuwa chembamba ghafla. Shingo na sikio huonyesha hilohilo kwa rangi: uso umeng'arishwa, shingo imebaki ilivyo.

Mkono uliozidisha hujionyesha kwingine. Tafuta kundi la vitundu au vidoa linalojirudia kwa mpangilio uleule, maana ngozi imenakiliwa mara nyingi mno kutoka sehemu moja. Tazama weupe wa macho: jicho ni mviringo, hivyo weupe huo lazima ufifie kuelekea pembeni na uwe na kivuli chini ya kope la juu. Ukiwa mweupe sawasawa kote kama karatasi, umepakwa. Rangi ya midomo iliyovuja kwenye ngozi ni dalili kwamba safu ya rangi ilitiwa ukungu mpana kupita kiasi. Kwenye ngozi nyeusi, chunguza mng'ao wa paji la uso na mgongo wa pua. Ukishushwa bila kurudishiwa rangi, hugeuka kijivu, na uso unaonekana kama umepauka.

Ila ulaini peke yake hauthibitishi kitu, na hapa ndipo wengi huwasingizia watu. Uso una upana wa sentimita 14 hivi. Ukichukua pikseli 1,000 kwenye picha, kila milimita inapata takriban pikseli 7, na kitundu cha ngozi cha nusu milimita kinaonekana. Uso huohuo ukipunguzwa hadi pikseli 300 kwa ajili ya mtandao, kitundu hicho kinabaki na pikseli moja tu, na ubanaji wa JPEG huifuta. Mwanga laini wa dirisha, poda, na simu inayoondoa chengachenga gizani vyote hulainisha ngozi bila mtu kuhariri chochote. Simu inayotia ukungu nyuma ya mtu nayo huweza kula nywele na ncha ya sikio.

Kwa hiyo kuza picha hadi asilimia 100 na ulinganishe vitu vilivyo ndani ya picha hiyohiyo, kwa umbali uleule kutoka kwenye kamera. Shavu na vidole vikiwa laini sawasawa, shuku ukubwa wa picha au kamera. Shavu likiwa laini na vidole vina mikunjo, fikiria poda kwanza, kisha rudi kwenye vigae: poda haipindishi ukuta. Chunusi moja iliyofunikwa vizuri hutaigundua kwa njia yoyote kati ya hizi.