Acha sebule nyumbani, peleka mashine ya kusaga

Mwezi uliopita binti mmoja wa hapa Uyole alinipigia, akanisalimia vizuri, kisha akaniomba niisome barua aliyotaka kuituma kwenye studio ya gemu Dar es Salaam. Wanatafuta msanii chipukizi wa kujenga mazingira: nyumba, vibanda, vyombo, vitu vya barabarani. Barua yenyewe haikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa chini yake, kwenye kazi 11 alizoziambatanisha.

Nimefanya kazi hii ya modeli za 3D kwa miaka kadhaa, na nimewahi kukaa upande wa pili, wa kupokea barua kama hizo. Kwa hiyo nasema ninachokiamini: barua ya msanii ni zile kazi alizochagua. Maneno yanasomwa kwa nusu dakika. Kazi ndizo zinazojibu swali la mpokeaji, nalo ni moja tu: huyu akianza Jumatatu, ataweza kutengeneza vitu tunavyotengeneza sisi?

Studio ile inatoa gemu za simu. Sasa tazama alichoweka. Donati ya somo la mwanzo la Blender, ambayo kila aliyejifunza programu hiyo anaijua. Kichwa cha mtu alichokitengeneza kwa kufuata video hatua kwa hatua. Joka. Kadi tatu za harusi alizobuni akiwa stesheneri. Na katikati, kazi aliyoipenda kuliko zote: sebule yenye makochi, mapazia na jua la jioni linaloingia dirishani. Kila aliyeiona WhatsApp aliisifu, na ni haki yake, ni picha nzuri kwelikweli.

Nilimwambia aitoe. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, hiyo nimeifanya miezi mitatu."

Najua. Lakini kila modeli ya 3D hujengwa kwa pembetatu ndogondogo, na ile sebule ina zaidi ya milioni mbili, na kompyuta yake ilichukua usiku mzima kuitoa picha moja. Simu inatakiwa ichore picha 30 au 60 kwa kila sekunde. Mtu wa studio akiiona sebule ile hawazi "ana kipaji", anawaza "huyu hajawahi kubanwa na simu". Ni kazi ya mchora nyumba wa kampuni ya ujenzi, na huko ingempatia nafasi.

Wapo wanaosema weka kila kitu, studio itachagua yenyewe. Sikubaliani nao. Anayepokea hafanyi wastani. Akikuta kazi nzuri mbili na mbovu mbili, anabaki na wasiwasi kama hizo nzuri ulizifanya bila msaada, na tena anajiuliza kama unajua ipi ni ipi. Kuchagua nako ni sehemu ya ujuzi anaoupima.

Tulibaki na tatu: mashine ya kusaga mahindi, kibanda cha ndizi cha barabara ya Tukuyu, na bajaji. Nitaeleza mashine, maana ndiyo iliyotuchukua muda.

Aliijenga kwa kuitazama mashine ya mtaani kwao, akaipiga picha kwa simu kutoka kila upande. Hilo linaonekana. Mdomo wa hopa umechubuka rangi na kung'aa upande mmoja tu, pale watu wanapoegemeza ndoo kabla ya kumimina. Unga umekaa juu ya kifuniko cha mkanda na kwenye mikunjo ya bomba, lakini si pembeni mwa mota, kwa sababu mtikisiko huudondosha. Mambo hayo huyapati kwenye video ya kujifunza. Sisemi aonyeshe mashine kwa kuwa ni ya kwetu. Nasema aionyeshe kwa kuwa anajua kutu inakaa wapi na kwa nini.

Ila ilikuwa nzito. Pembetatu 31,000, na nyingi zilikuwa kwenye nati. Alikuwa amezichonga zote, moja moja, hata zile za nyuma zisizoonekana. Kwa kitu kinachosimama kando ya njia kwenye gemu ya simu, hiyo ni anasa. Njia yake inajulikana: unabaki na modeli nzito kama chanzo, unatengeneza nyingine nyepesi yenye umbo lilelile, kisha unahamisha vinundu vya ile nzito kwenye picha ya rangi ya zambarau inayoielekeza nuru, ile ambayo kwenye Blender imeandikwa Normal Map. Nati zinabaki machoni, pembetatu zinaondoka. Alishuka hadi 3,900.

Picha za kuvika modeli nazo zilikuwa nne, kila moja ya 4096 kwa 4096. Picha moja ya ukubwa huo, kabla ya kubanwa, inakula megabaiti 64 za kumbukumbu. Ya 1024 inakula megabaiti 4. Tulishusha zote, na ukiitazama mashine kwenye kioo cha simu huoni tofauti.

Kisha likaja kosa ambalo hakuliona na ambalo studio ingeliona mara moja. Ili picha zipendeze alikuwa ameipeleka mashine kwenye Unreal, programu ya kutengenezea gemu. Taa ilikuwa juu, lakini kivuli cha kila nati kilikaa upande wa juu, kana kwamba nati zimedidimia ndani ya bati. Sababu ni kwamba Blender na Unity, programu nyingine ya gemu, husoma rangi ya kijani ya ile picha ya zambarau kwa mwelekeo mmoja, na Unreal huisoma kinyume. Kwenye Unreal unafungua picha hiyo na kuweka tiki kwenye Flip Green Channel, basi. Lakini studio ile inatumia Unity, kwa hiyo nilimshauri apige picha upya humohumo Unity. Kosa likaisha lenyewe, na wao wakaikuta kazi ikiwa ndani ya chombo chao.

Kwa kila kazi aliweka picha tatu: ilivyokamilika, nyavu za pembetatu zikionekana, na ile picha ya rangi ikiwa imetandazwa. Zote kwenye ukurasa mmoja unaofunguka kwa linki bila kupakua kitu. Barua ikawa hivi:

"Habari za kazi. Naishi Mbeya, naomba nafasi ya msanii chipukizi wa mazingira. Nimeweka kazi tatu. Naomba muanze na mashine ya kusaga: pembetatu 3,900, picha za 1024, imepigwa ndani ya Unity. Kibanda cha ndizi kimeundwa kwa vipande 12 vinavyoweza kupangwa upya. Kwenye bajaji, matairi nimeyachukua kwenye maktaba ya bure. Mengine yote nimeyajenga mwenyewe. Asanteni kwa muda wenu."

Kuhusu yale matairi, aliogopa kwamba kuyataja kutamshusha. Mimi naona kinyume chake. Anayeyatambua matairi yale na asione neno lolote atatilia shaka hata hopa.

Baada ya siku sita walijibu kwa mstari mmoja: tutumie faili la mashine tulifungue wenyewe. Jioni hiyo alikuja kwangu na laptopu yake, baridi ya Uyole ikiwa imeshaanza kuuma, tukalifungua kabla yao. Ndani kulikuwa na vitu vyenye majina kama Cube.047, na hopa ilikuwa imevutwa bila kipimo chake kurudishwa kwenye 1. Alibonyeza Ctrl+A akarekebisha vipimo, akashusha kitovu cha mashine hadi sakafuni ili isielee ikiwekwa kwenye ardhi ya gemu, kisha akaanza kubadilisha majina: hopa, mkanda, mota, bomba. Tulimaliza saa nne usiku, akalituma.