Picha ya vocha inatosha kurudisha hela, haitoshi kufunga hesabu

"Mimi silipi picha. Nileteeni vocha na risiti zenyewe mkononi, ndipo nirudishe hela ya tawi."

Anayesema hivi mara nyingi ni mhasibu makini, tena aliyewahi kuumwa. Hofu yake nitaifikia, kwa sababu ina msingi. Ila mjadala huu, wa kama tawi lirudishiwe hela kwa picha za simu za vocha, yaani hati za malipo madogo, au lisubiri karatasi zenyewe zifike, karibu kila mara hufanyika makao makuu, na watu wa makao makuu hawaoni kinachotokea tawini siku ambayo sanduku la peti keshi, yaani taslimu za matumizi madogo, limekauka.

Chukua kampuni ya pembejeo yenye ofisi kuu Dar es Salaam na tawi Sumbawanga, zaidi ya kilomita elfu moja. Tawi limepewa masurufu ya kudumu ya shilingi 300,000, yaani kiasi cha peti keshi kinachojazwa tena kila kikitumika, na hutumia kama 40,000 kwa siku, siku sita za wiki. Kwa utaratibu wa karatasi, keshia anafunga vocha zake Ijumaa jioni, bahasha inapanda basi, na mhasibu anaifungua Jumatatu. Risiti moja haisomeki na vocha moja haina sahihi ya meneja, kwa hiyo simu zinapigwa. Malipo yanaidhinishwa Jumatano, hela inaonekana Alhamisi. Wakati bahasha inapanda basi, sandukuni zimebaki kama 60,000, na hizo haziivuki Jumatatu.

Jumanne lori la mbegu linaingia. Halitasubiri Alhamisi. Vibarua wanataka chao jioni ile ile, na keshia ana droo mbili mbele yake: moja tupu, nyingine ina mauzo ya siku. Anachukua kwenye mauzo na kuweka kikaratasi. Hajaiba kitu. Lakini Jumatano fedha zinazopelekwa benki ni pungufu kuliko ripoti ya mauzo, na wiki inayofuata, peti keshi ikirudi, zinapelekwa zaidi ya mauzo. Mhasibu aliyekataa picha ili hesabu ziwe safi sasa anahangaika na fedha za benki zisizolingana na mauzo ya siku yoyote. Baya zaidi, keshia amejifunza kwamba mauzo ya leo yanaweza kuziba pengo la jana bila mtu kuuliza. Wizi mwingi wa mauzo hupita mlango huu huu, na mlango wenyewe ulifunguliwa kwa nia njema, ili lori lishushwe.

Wapo watakaosema basi ongeza masurufu yawe 600,000. Inawezekana, ila hapo umeongeza fedha taslimu kwenye droo ya mbao ili kufidia mwendo wa basi. Kiasi cha masurufu hakipangwi kwa ukubwa wa tawi. Kinapangwa kwa matumizi ya siku, mara idadi ya siku tangu hela itoke mpaka irudi, na akiba kidogo juu yake. Ukifupisha siku hizo, 300,000 zinatosha na zinabaki. Picha inafanya hivyo hasa, na ndiyo maana naiona kama njia ya kudhibiti fedha, wala si ulegevu.

Tuangalie mzunguko mmoja. Jumatano jioni keshia ana vocha sita. Namba 0412 ni bodaboda aliyepeleka mbegu kwa mteja, 8,000. Namba 0413 ni rimu za karatasi na kalamu, 35,400, ina risiti ya EFD. Namba 0414 ni fundi aliyebadilisha koki, 25,000. Namba 0415 ni umeme wa LUKU, 50,000. Namba 0416 ni maji ya kunywa na sukari, 21,600. Namba 0417 ni vibarua wa lori, 60,000, na karatasi ya majina, namba za simu na sahihi zao imeambatishwa. Jumla ni 200,000. Anahesabu sandukuni, anakuta 100,000. Vocha na taslimu zinarudi kwenye 300,000, na maombi ya kurudishiwa yanakuwa 200,000 kamili, si "tuma laki mbili na nusu tukae vizuri".

Hesabu ya sanduku lazima itumwe pamoja na picha, imesainiwa na keshia na meneja. Ofisi nyingi huisahau, halafu zikiibiwa zinalaumu simu. Picha za vocha zinaonyesha kilichotoka tu. Kama taslimu zilikuwa 70,000 na keshia amekopa 30,000, picha sita nzuri zitapita bila kumstua mtu.

Sasa hofu ya risiti moja kulipwa mara mbili. Kwa picha ni rahisi kweli: piga leo ikiwa juu ya meza, piga wiki ijayo ikiwa imekunjwa pembe, na kwa macho ya haraka hizo ni risiti mbili. Dawa yake ni ya zamani kuliko simu. Kabla ya kupiga picha, keshia anaandika namba ya vocha kwa kalamu ya wino juu ya uso wa risiti, katikati ya maandishi, kisha anagonga muhuri wa IMELIPWA. Risiti yenye "0413" usoni haiwezi kuwa ya 0431 wiki ijayo. Vocha na risiti zinalazwa pamoja kwenye picha moja, namba na sahihi zote zikionekana. Risiti iliyopigwa peke yake irudishwe bila mazungumzo.

Kwa upande wa pili wa waya, mhasibu anaingiza kwenye jedwali namba ya uhakiki iliyochapwa kwenye risiti ya EFD, tuseme kwenye safu F, na pembeni anaweka `=COUNTIF(F:F,F2)`. Jibu likizidi 1, namba hiyo imeshaonekana. Risiti yenye shaka anaitafuta kwenye ukurasa wa TRA, verify.tra.go.tz, aone kama muuzaji na kiasi vinalingana. Nauliza kwa dhati: ni wangapi kati ya wanaodai karatasi halisi hufanya hivi wakiwa na karatasi yenyewe mkononi? Wengi huipindua, huitazama, huibana kwa stepla.

Jambo dogo la simu, lakini linaumiza. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, tarakimu ndogo zinafifia, na taarifa za ndani za faili, pamoja na saa iliyopigwa, huondolewa. Keshia achague Document badala ya kutuma kama picha, na faili liitwe kwa namba ya vocha, mfano SUM-0413.jpg. Siku hiyo hiyo lihifadhiwe kwenye folda ya ofisi. Simu ya keshia ikidondoka kwenye ndoo ya maji, ushahidi wa mwezi mzima usizame nao.

Mpaka hapa naegemea upande wa picha bila kificho. Kwenye kuainisha matumizi, upande wa karatasi una neno la maana, ingawa nadhani wanamlaumu asiyehusika. Wanasema vocha za picha huishia zote kwenye "matumizi mengineyo". Ni kweli huishia huko. Mhasibu akiona kwenye kioo cha simu "vibarua 60,000", anajua nini? Kama walishusha mbegu zilizonunuliwa, hiyo ni sehemu ya gharama ya kuzifikisha mbegu ghalani, na inaingia kwenye thamani ya bidhaa. Kama walipakia gari la mteja, ni gharama ya mauzo. Kama walifyeka majani nyuma ya ofisi, ni matunzo ya jengo. Bodaboda wa 8,000 naye ni hivyo hivyo: amepeleka mbegu kwa mteja, au amempeleka keshia benki?

Karatasi halisi yenye neno "vibarua" isingesema zaidi. Kosa liko kwenye mstari wa sababu uliojazwa kivivu. Keshia wa tawi apewe orodha fupi ya akaunti, nane au kumi zinatosha, aandike sababu kwa sentensi nzima na kupendekeza namba ya akaunti kwenye vocha kabla ya picha. Mhasibu anathibitisha au anabadilisha. Yapo malalamiko kwamba keshia atachagua kasma, yaani fungu la bajeti, yenye salio badala ya kasma inayohusika. Atafanya hivyo, hasa meneja akimwambia. Ndiyo maana sababu inatangulia na namba inafuata: sentensi "kushusha magunia ya mbegu kutoka kwenye lori" ikikaa juu ya namba ya akaunti ya shajala, yaani karatasi na kalamu za ofisi, inajishtaki yenyewe.

Kuna hatari moja ambayo wapinzani wa picha hawaitaji sana, na kwangu ndiyo kubwa. Picha zinapoingia kila siku, mhasibu msaidizi huziingiza kwenye programu zikifika: anadebiti gharama, anakrediti peti keshi. Alhamisi 200,000 zinatumwa tawini, na mwenzake, akifuata utaratibu wa masurufu ya kudumu, anadebiti gharama zile zile na kukrediti benki. Gharama zimeingia mara mbili. Vitabuni peti keshi imebaki 100,000, wakati sandukuni kuna 300,000. Mzunguko wa pili wa kiasi hicho hicho unaipeleka kwenye hasi 100,000. Salio hasi kwenye peti keshi ndiyo dalili, kwa kuwa hakuna sanduku linaloweza kuwa na noti pungufu ya sifuri. Chagua njia moja. Ama kila picha inapunguza peti keshi na hela inayotumwa inahamishwa tu kutoka benki kwenda peti keshi, ama peti keshi haiguswi kabisa na gharama zinaingia siku ya kurudisha. Kwa njia hii ya pili, vocha 0413 ingegawanywa 30,000 shajala na 5,400 kodi ya ongezeko la thamani kwa asilimia 18, kama kampuni imesajiliwa kwa kodi hiyo na inaruhusiwa kuidai, na risiti ina jina na TIN yake, na krediti ya benki kwa vocha zote ingekuwa 200,000.

Karatasi zenyewe je? Zisitupwe. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi ya joto. Ibandike kwa selotepu juu ya maandishi au iache karibu na dirisha, na baada ya miezi kadhaa una kipande cheupe. Mkaguzi akifika mwaka wa tatu, picha iliyopigwa siku ya manunuzi huenda ikawa ndiyo pekee inayosomeka. Kwa hiyo bahasha ya basi iendelee kusafiri, mara moja kwa mwezi, ikiwa imechelewa bila madhara: hela ilisharudi kwa picha, na karatasi inakuja kulinganishwa nayo kabla mwezi haujafungwa. Vocha ambayo karatasi yake haikufika, kiasi chake kinakatwa kwenye marejesho yanayofuata mpaka ifike.

Hapo wanabaki bodaboda, fundi wa koki na vibarua, ambao hawatoi risiti yoyote. Kwao picha na karatasi ni dhaifu sawa, maana zote mbili zinabeba maandishi ya keshia mwenyewe. Vocha ya namna hiyo iwe na kikomo, tuseme 10,000, na kikizidi malipo yaende kwa simu ya mpokeaji ili mtandao uache alama yenye jina lake. Kwa kikomo hicho, fundi wa 25,000 angelipwa kwa simu. Vibarua wa 60,000 wangebaki taslimu, kwa kuwa kila mmoja amepokea chini ya kikomo na kusaini kwa jina na namba yake, na mhasibu aliyeko Dar es Salaam anaweza kuchagua namba mbili kwenye orodha hiyo akazipigia.