Kwa nini Ufini haikupatana na Stalin mwaka 1939

Tarehe 14 Oktoba 1939, ndani ya Kremlin, ujumbe wa Ufini ulioongozwa na Juho Kusti Paasikivi ulikabidhiwa masharti ya Umoja wa Kisovyeti. Stalin alitaka mpaka katika shingo ya nchi ya Karelia usogezwe mbali na Leningrad, kwa kuwa wakati huo ulikuwa umbali wa kilomita 32 hivi kutoka jiji hilo. Alitaka pia visiwa kadhaa vya Ghuba ya Ufini, na akaomba kukodi bandari ya Hanko kwa miaka 30 ili aweke kambi ya kijeshi. Ardhi aliyoitaka ilikaribia kilomita za mraba 2,760, na badala yake aliahidi kutoa karibu kilomita za mraba 5,500 za Karelia ya Mashariki. Ukihesabu eneo tu, Wafini walikuwa wanapewa mara mbili ya walichoombwa kutoa. Walikataa, na wiki saba baadaye mabomu yalikuwa yakiangukia Helsinki.

Wengi husimulia kisa hiki kama hadithi ya dikteta katili na taifa dogo lenye ujasiri. Sipingi kwamba Stalin alikuwa katili wala kwamba Wafini walikuwa jasiri. Ninachopinga ni kuishia hapo, kwa sababu ukatili na ujasiri havielezi kwa nini pande mbili, ambazo kila moja ilijua kwamba vita vingeigharimu, zilishindwa kufikia mapatano ambayo yangeziachia zote mbili hali bora kuliko ile iliyoletwa na vita. Mwanasayansi wa siasa Mmarekani James Fearon aliliweka swali hili wazi katika makala yake ya mwaka 1995, na tangu hapo limekuwa msingi wa nadharia inayovitazama vita kama mapatano yaliyoshindikana.

Tuchukue mfano mwepesi. Kuna mali yenye thamani ya 100 inayogombaniwa na nchi mbili, na wakipigana, nchi yenye nguvu ina nafasi ya asilimia 60 ya kushinda na kuchukua yote. Vita vitaigharimu 10, kwa hiyo inachoweza kutarajia kutokana na mapigano ni 50. Nchi dhaifu ina nafasi ya asilimia 40, vita vitaigharimu 15, na matarajio yake ni 25. Mgawo wowote unaoipa nchi yenye nguvu kati ya 50 na 75 ni bora kuliko vita kwa pande zote mbili. Nafasi hiyo ya mapatano ipo kwa sababu vita vinateketeza mali na watu, na kile kilichookolewa kisiteketee kinaweza kugawanywa. Kwa hiyo kusema kwamba nchi zilipigana kwa sababu maslahi yao yaligongana hakutoshi. Maslahi yaligongana, lakini mgawo ulikuwepo.

Nadharia hii hutaja sababu tatu za mapatano kushindikana. Ya kwanza ni kwamba kitu kinachogombaniwa hakigawanyiki, na naona ndiyo dhaifu kuliko zote, maana karibu kila kitu kinaweza kukodishwa, kubadilishwa au kufidiwa. Hata kuhusu Hanko Wasovyeti walikuwa tayari kukodi, kununua au kubadilishana. Ya pili ni taarifa ambazo kila upande unazijua peke yake na una sababu ya kuzitia chumvi: ukitaka mgawo mkubwa utajidai kuwa na nguvu na moyo kuliko ulivyo, na mwenzako, akilijua hilo, hataamini hata unaposema kweli. Ya tatu ni tatizo la ahadi, na hiyo ndiyo iliyokuwa mezani Kremlin.

Turudi kwenye mfano wetu. Tuseme nchi zimekubaliana kwamba yenye nguvu ichukue 60 na dhaifu ibaki na 40, jambo linaloonekana jema kwa sababu 40 ni zaidi ya 25 ambayo dhaifu ingetarajia vitani. Lakini tuseme pia kwamba sehemu iliyotolewa ina vilima na ngome zilizoilinda nchi dhaifu, hivi kwamba baada ya kuitoa, nafasi ya mwenye nguvu kushinda inapanda kutoka asilimia 60 hadi 90. Kesho yake vita vitampa 90 ukitoa gharama ya 10, yaani 80, kwa hiyo hataridhika tena na 60, atadai angalau 80. Nchi dhaifu itabakiwa na 20 au pungufu, na haitakuwa na la kufanya, kwa sababu kupigana wakati huo kutaipa 10 ukitoa 15, yaani hasara tupu. Ikiliona hilo leo, itapima 20 ya kesho na 25 ya vita vya leo, nayo itachagua vita. Wahenga walisema ukimpa shubiri huchukua pima. Nadharia inaongeza kwamba shubiri hiyo yenyewe ndiyo inayomwezesha kuichukua pima.

Hapa mwenye nguvu hana haja ya kuwa mwongo. Anaweza kuahidi kwa moyo mweupe kwamba ataishia hapo, lakini hakuna mahakama juu ya dola wala askari wa kuilazimisha dola itimize neno lake nguvu zikishabadilika. Kilio cha nchi dhaifu ni kwamba bei ya leo haina mdhamini kesho.

Sasa tazama masharti ya Oktoba 1939 kwa jicho hilo. Shingo ya nchi ya Karelia ndiyo iliyokuwa njia kuu ya jeshi kuingilia Ufini ya kusini, na hapo Wafini walikuwa wamejenga mahandaki na ngome za zege ambazo baadaye ulimwengu ulizijua kama Mstari wa Mannerheim. Miongoni mwa madai ya Wasovyeti lilikuwamo pendekezo kwamba maeneo yenye ngome katika shingo hiyo, ya pande zote mbili, yabomolewe. Neno “pande zote mbili” lina sura ya usawa, ila kwa nchi ya watu milioni 3.7 iliyopakana na nchi yenye watu wapatao milioni 170, ngome ndizo zilizopunguza tofauti hiyo. Kambi ya Hanko nayo ingewaweka wanajeshi wa kigeni kwenye mlango wa Ghuba ya Ufini, magharibi ya mji mkuu. Kilomita za mraba 5,500 walizoahidiwa zilikuwa msitu mtupu usiomlinda mtu yeyote. Ndiyo maana kulinganisha maeneo kwa ukubwa ni kulinganisha vitu visivyolingana.

Ahadi za maandishi tayari zilikuwepo. Ufini na Umoja wa Kisovyeti zilitia sahihi mkataba wa kutoshambuliana mwaka 1932, na mwaka 1934 ukaongezewa muda hadi mwisho wa 1945. Hata hivyo Agosti 1939 Stalin na Hitler walipogawana maeneo kwa siri, Ufini iliwekwa upande wa Moscow. Wafini hawakuijua siri hiyo, lakini waliiona Chekoslovakia ikilazimishwa kutoa maeneo ya Sudeti pamoja na ngome zake katika vuli ya 1938, na Machi 1939 Wajerumani wakaingia Praha bila kupigana. Mfano wetu wa tarakimu ulikuwa umetendeka mbele ya macho yao katika muda usiozidi nusu mwaka.

Kuna hoja nzito dhidi yangu, nami naiheshimu. Mannerheim mwenyewe, mwenyekiti wa Baraza la Ulinzi la Ufini, aliyelijua jeshi kuliko yeyote, alishauri serikali ikubali kutoa sehemu ya kilichodaiwa, na Paasikivi naye alielekea huko. Waziri wa Mambo ya Nje, Eljas Erkko, ndiye aliyeshikilia msimamo mkali, akiamini kwamba Stalin anatishia nyau tu. Kama ni hivyo, Ufini ilikosea kusoma dhamira ya mwenzake, na tatizo lilikuwa la taarifa. Nakubali kwamba kosa hilo lilikuwepo. Stalin naye alikosea kwa kiasi kikubwa zaidi, kwani alidhani Ufini ingeporomoka ndani ya wiki chache.

Lakini sababu hizi mbili zinaweza kutofautishwa kwa kuangalia vita vinavyoendelea. Kama tatizo ni taarifa, mapigano yenyewe ni mwalimu, na kadiri kila upande unavyojifunza nguvu za mwingine, ndivyo madai yanavyopaswa kukaribiana. Hilo tunaliona upande wa Moscow. Siku ya pili ya vita, tarehe 1 Desemba, Stalin aliunda serikali ya vibaraka chini ya mkomunisti Mfini Otto Ville Kuusinen, ishara kwamba sasa alitaka nchi nzima. Mwishoni mwa Januari 1940, baada ya vikosi vyake kuangamizwa katika misitu ya Suomussalmi, alikuwa tayari kuzungumza na serikali halali ya Helsinki kupitia Stockholm, na Kuusinen akawekwa kando. Hata hivyo serikali hiyo ya Kuusinen inanieleza jambo jingine pia: upande ulioomba kipande mwezi Oktoba ulikuwa tayari kumeza chote mara ulipodhani unaweza. Hofu ya Wafini haikuwa ndoto.

Basi kwa nini walitia sahihi tarehe 12 Machi 1940, kwa masharti mabaya kuliko yale waliyoyakataa? Walipoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nchi, ukiwamo mji wa Viipuri, na zaidi ya watu 400,000 walihama makwao. Jeshi lao lilikuwa limechoka na mstari umevunjwa, hilo ni kweli. Lakini naamini jambo moja lilikuwa limebadilika katika ahadi yenyewe. Wafini wapatao 25,000 walikuwa wamekufa, na upande wa pili zaidi ya 120,000. Mwezi Oktoba hakuna kilichomzuia Stalin kuendelea baada ya kupewa ngome, ila mwezi Machi alikuwa anaijua bei ya kuendelea, na aliogopa pia kwamba Waingereza na Wafaransa wangeingia. Gharama iliyokwisha kulipwa ikawa mdhamini ambaye hakuwepo kwenye meza ya Kremlin.

Mdhamini huyo alikuwa dhaifu. Majira ya joto ya 1940 Estonia, Latvia na Lituanya, zilizokubali kambi za Kisovyeti mwaka uliotangulia, zilimezwa kabisa. Askari wa Kisovyeti walikuwa Hanko, mpaka mpya haukuwa na ngome za zamani, na serikali ya Helsinki ikaanza kutafuta ulinzi kwa Ujerumani. Juni 1941, miezi 15 baada ya amani, Ufini ilikuwa vitani tena.