Ng'ombe wa Baba Mkwe

Mkutano wa mwaka wa wafugaji ulikuwa umefika pale penye kelele za bei ya maziwa. Baba mkwe, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti, akasimama akainua mikono yote miwili kuomba utulivu. Utulivu ukaja mara moja. Ukaja kwa sababu ng'ombe aliyekuwa kifuani mwake alikuwa anafunguka.

Sisemi uzi ulikatika. Hakuna kilichokatika. Sweta ilikuwa nzima, mabega mazima, shingo nzima, ila kila mahali rangi moja ilipopakana na nyingine palikuwa pameachia ufa, na ndani ya ufa linachungulia shati jekundu alilovaa mzee. Ng'ombe mweusi na mweupe, amezungukwa na mstari mwekundu kuanzia pembe hadi kwato. Miguu minne inaning'inia kama tepe. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa upole kabisa, "Mwenyekiti, huyu bado ni wa maziwa ama ameshafika buchani?"

Mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi na birika la chai. Nikaliweka chini polepole, maana hakuna mtu Ol Kalou ambaye hakujua sweta ile imefumwa na nani. Baba mkwe alikuwa ametangaza wiki nzima.

Yote yalianza na ulimi wangu. Julai kule kwa wakwe baridi haina mchezo, na mimi, kwa kutaka sifa, nikasema mbele ya watu kwamba nitamfumia Baba sweta yenye picha ya ng'ombe wake. Nilikuwa nimefuma soksi na kofia za watoto, na sweta mbili za rangi moja. Picha sikuwahi. Na ng'ombe mwenyewe ni wa Friziani, mnyama ambaye Mungu alimpaka madoa bila kumfikiria mfumaji.

Mtindo wa kufuma picha ya namna hiyo unaitwa intasia. Si ule wa kuburuta nyuzi mbili nyuma ya sweta kutoka ukingo hadi ukingo. Katika intasia kila kipande cha rangi kina uzi wake, na uzi huo haupiti mpaka wa kipande chake. Ukifika mwisho wa kijani, unaacha uzi wa kijani ukining'inia hapo hapo, unachukua mweupe, unaendelea. Mstari wa kurudi utaukuta kila uzi pale ulipouacha. Kwa maneno inapendeza. Nikachora ng'ombe wangu kwenye daftari la hesabu la mtoto, mraba mmoja kitanzi kimoja, nikapaka na rangi.

(Kwenye daftari alikuwa ng'ombe. Ila kitanzi cha sweta si mraba. Ni kipana kuliko kimo chake. Sindano zangu zilinipa vitanzi 20 na mistari 28 kwa kila sentimita 10, kwa hiyo mnyama niliyemchora miraba 52 kwa 40 alitoka na urefu wa sentimita 26 na kimo cha 14. Alikuwa na umbo la sofa. Lakini hayo nilisamehewa.)

Sasa, sweta hufumwa kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo ng'ombe wangu alianza kuzaliwa kwa miguu. Hebu hesabu mstari mmoja wa hapo. Nyasi, mguu, nyasi, mguu, nyasi za chini ya tumbo, mguu, nyasi, mguu, nyasi. Nyuzi 9 kwa mstari mmoja. Mimi nikachukua mabonge 9, mengine mazima kama yalivyotoka dukani, nikayatia kwenye mfuko mmoja wa nailoni, nikapanda nao matatu ya Nairobi kwenda Ol Kalou.

Hapo mwanzo nilikuwa nafuata maelekezo: kila mpakani, zungusha uzi wa zamani na mpya ndipo uendelee. Nikazungusha. Mipaka 8 kwenda, mipaka 8 kurudi, na kila nikifika mwisho wa mstari naigeuza kazi upande ule ule, kama mtu anayekamua nguo. Kabla hatujafika Naivasha, mle mfukoni hamkuwa na mabonge 9 tena. Mlikuwa na bonge moja lenye mikia 9. Nikaanza kuyatoa mapajani niyatenganishe. Bonge la kijani likashuka, likapita chini ya viti kuelekea mlangoni bila hata kuomba njia.

Gilgil akashuka mama mmoja na mizigo yake. Gari likaondoka, na mimi nikaona sindano inanitoka mkononi kidogo kidogo. Konda akatazama dirishani, akatazama uzi uliobanwa mlangoni, akanitazama. "Madam," akasema, "mguu mmoja wa ng'ombe wako umeshuka Gilgil."

Usiku ule nilifumua yote. Nikakaa kitandani na mkasi nikikata mafundo, na hapo ndipo nikapata ile akili ambayo mpaka leo mume wangu akiikumbuka hutoka nje akacheke. Nilijiambia: kinachosokotanisha nyuzi ni huku kuzungusha. Nisipozungusha kwa nguvu, nikiupitisha tu uzi mpya juu ya ule wa zamani, hazitasokotana.

Na kweli, hazikusokotana! Nilifuma wiki tatu kwa raha ambayo sikuwahi kuiona. Mabonge yametulia, kila moja na njia yake. Nikawa najiuliza watu wanalalamikia nini kuhusu intasia. Kusema kweli niliviona vijinafasi mipakani. Nikasema vikifuliwa vitaziba. Nikapiga pasi juu ya kitambaa kibichi, sweta ikalala vizuri, nyufa zikajifumba. Ukiitandaza mezani huoni kitu. Lakini baba mkwe si meza. Baba mkwe ana kitambi, na mikono inayopenda kuinuka akizungumza.

Baada ya mkutano mama mkwe hakunigombeza, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Aliniambia tu, "Mwanangu, hebu twende sokoni kwa yule shosho wa sweta."

Shosho wa sweta ana kibanda na mtambo wa kufumia sweta za shule, lakini mikono yake ndiyo mtambo wenyewe. Hakuangalia ng'ombe hata kidogo. Aliigeuza sweta ndani nje, akapitisha kidole gumba kwenye mpaka wa mgongo wa ng'ombe, kidole kikatokea upande wa pili. Akakichezesha. "Habari ya huko," akakiambia kidole.

Kisha akanionyesha. Mpaka uliofungwa sawasawa, ukiutazama kwa nyuma, unakuwa kama kamba ndogo iliyosokotwa kwa rangi mbili, kijani, nyeupe, kijani, nyeupe, zimekumbatiana mstari kwa mstari. Wa kwangu ulikuwa kingo mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu kama watu waliokosana kwenye harusi. Hazikuwa zimegusana mahali popote. Nilikuwa nimefuma, kwa ufundi mkubwa, vipande kadhaa vya nguo vilivyoshikana juu na chini tu.

Akachukua sindano zake na nyuzi mbili. "Uzi unaouacha, ulaze juu, uelekee kule unakokwenda. Unaouchukua, utoe chini yake." Basi. Ule wa chini unapopanda kufuma kitanzi chake cha kwanza, unambeba mwenzake njiani, na hapo umeshamkamata. Mstari wa mbele hivyo hivyo, na wa nyuma hivyo hivyo. Na siku zote nyuzi zikutane upande wa ndani wa sweta. Mimi nilikuwa nautoa uzi mpya juu, kwa hiyo ulikuwa unaondoka zake bila kumgusa mtu. Akafuma mistari minne, akaivuta kulia na kushoto mbele ya uso wangu. "Unaona mwanga?" Sikuuona. Akaishika sweta ya baba mkwe, akaivuta. Nikaona soko zima.

Nikamweleza habari za matatu, kwamba ukizungusha zinasokotana. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Lazima zisokotane kidogo, zinashikana! Kosa lako ni kutembea na maduka mazima." Yeye hatumii bonge. Anaukunja uzi kwa mtindo wa namba nane kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho, anaufunga katikati kwa mkia wake, na anauvuta kutoka ndani. Anaviita vipepeo. Vinaning'inia karibu kabisa na kazi, na vikisokotana unachomoa kimoja tu kikatoka chenyewe, kwa sababu ni kidogo na hakina bonge la kunasa. Doa dogo la ng'ombe halihitaji uzi mwingi: zungusha uzi kwenye sindano mara 10 upate kipimo cha vitanzi 10, gawanya kwa 10, zidisha kwa idadi ya vitanzi vya doa lote, ongeza shubiri moja kila upande ya kufichia mkia. Na kazi uigeuze kulia mstari huu, kushoto mstari ujao, ili ulichosokota kwenda kijisokotoe kurudi.

Kuhusu ng'ombe, akasema hafumuliwi. Alinipa sindano butu ya kushonea sweta na uzi wa kijani, akanielekeza niingie kwa nyuma: shika kivimbe kimoja cha ukingo huu, kimoja cha ukingo ule, panda hivyo hivyo, bila kukaza. Ukikaza, mpaka unajikunja na ng'ombe anapata makovu. Madoa meusi niyashone na uzi mweusi. Nilishona jioni nne. Mguu wa nyuma ulichukua jioni nzima peke yake, na pale kwenye kiwele nilitumia maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Jumamosi nikampelekea baba mkwe sweta yake. Akaivaa hapo hapo juu ya shati lile lile jekundu, akainua mikono, akainama, akavuta pumzi. Hakuna chekundu kilichoonekana. Akaridhika. Akavua miwani, akaipeleka kifuani, karibu na sikio la ng'ombe, mkono ukapapasa kushoto, ukapapasa kulia.

"Mama," akaniita, "kazi ni safi. Lakini hapa nyuma ya sikio palikuwa na mahali pangu pa kutundika miwani."

Nikafungua mkoba, nikatoa sindano, nikamfumulia sentimita mbili.