Taarifa ya mwathiriwa: mwenye duka amwambie hakimu nini?

"Walinivamia dukani Kisauni kwa panga. Mmoja amekiri, na kiongozi wa mashtaka anataka niandike taarifa isomwe kabla hajapewa adhabu. Niandike nini? Niombe afungwe miaka mingapi?"

Kwanza kabisa, ndugu yangu, uliza amekiri kifungu gani. Wizi wa kimabavu chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya unabeba adhabu ya kifo, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilifafanua kwamba uamuzi wake wa 2017 katika kesi ya Muruatetu, ulioondoa ulazima wa adhabu hiyo, unahusu mauaji peke yake. Hapo maneno yako yana nafasi ndogo sana ya kubadilisha adhabu. Ikiwa shtaka lilipunguzwa kwa makubaliano hadi 296(1), ambalo kilele chake ni miaka 14, hakimu ana nafasi ya kuchagua, na taarifa yako itapimwa.

Wapo wanaozipinga taarifa hizi, na hoja yao si ya kupuuzwa: waathiriwa wawili wenye jeraha moja, mmoja fundi wa maneno na mwingine hajui kuandika, wasisababishe vifungo tofauti. Hata hivyo, bila taarifa mahakama huona panga na orodha ya vitu vilivyoibwa, huku madhara yaliyoendelea baada ya usiku ule yakibaki nje ya faili. Kwa maoni yangu iandikwe, ila ielemee mambo yanayoweza kuthibitishwa, maana hapo ndipo pengo la ufasaha linapopungua.

Kwa mfano, sentensi "maisha yangu yameharibika" haimsaidii hakimu. Andika hivi: "Kabla ya tukio nilikuwa nikifunga saa nne usiku. Sasa nafunga magharibi, na daftari linaonyesha mauzo ya jioni yamekatika. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki, kwa hiyo siwezi kubeba gunia la unga bila kusaidiwa." Ambatisha nakala ya kurasa za daftari, stakabadhi za matibabu na barua ya daktari. Hofu nayo iandike, lakini kwa kitendo: kwamba pikipiki ikisimama nje unaingia nyuma ya kaunta.

Usiongeze kosa ambalo halikuthibitishwa. Ukisema ndiye aliyekuibia pia mwaka jana, au ukipandisha kiasi kilichomo kwenye shtaka, wakili wake atapinga, na sehemu zilizo za kweli zitatiwa shaka pamoja nayo.

Miaka usiitaje. Nakuelewa unavyotamani, lakini kuipima ni kazi ya hakimu, na ombi la kisasi huwapa upande wa pili nafasi ya kusema umeandika kwa hasira. Unachoweza kuomba waziwazi ni fidia, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inaitambua. Hesabu yake iwe ile ile ya stakabadhi ulizoambatisha.