Viazi vya Uporoto na Ile Mia Nne ya Katikati

“Kwa baba yako mdogo unachukua viazi kwa mia sita kilo, Mbeya mjini unauza elfu moja. Hiyo mia nne ni ya nani? Huko si kufanya biashara, ni kumla ndugu.”

Aliyeniuliza hivyo ni shangazi yangu, na swali lake linastahili hesabu kabla ya kujitetea. Nichukue mzigo mmoja wa kawaida: kilo 900 zilizopimwa shambani, kwenye miteremko ya milima ya Uporoto, juu ya kijiji cha Isyonje. Kwa bei aliyoitaja, baba mdogo anapokea shilingi 540,000. Nauli ya gari, wapakiaji na washushaji, magunia, kisha bajaji za kusambaza nyumba kwa nyumba vilinigharimu 126,000. Kwa macho ya shangazi, mia nne mara kilo 900 ni 360,000, na hata ukitoa gharama hizo bado ninaonekana nimeondoka na fedha nzuri.

Kinachofichika ni kwamba kilo 900 za shambani si kilo 900 za mezani. Viazi vinasafiri na udongo, hasa vikivunwa mvua inanyesha, na vinaendelea kupoteza maji kila siku vinapokaa ghalani. Vimo vilivyokatwa na jembe, vilivyopigwa jua vikawa vya kijani na kuwa vichungu, na vilivyoanza kuoza. Katika mzigo ule nilipoteza kilo 90 kwa njia hizo. Kilo 110 nyingine zilikuwa viazi vidogo ambavyo hakuna mama wa nyumbani anayekubali kumenya kwa bei ya vikubwa, nikaviuza kwa 400. Zilibaki kilo 700 za elfu moja moja. Mauzo yote yalikuwa 744,000, na baada ya kutoa manunuzi na gharama nilibaki na 78,000 kwa kazi ya wiki nzima.

Na hizo 78,000 zilikuwa za kwenye daftari tu. Kilo 300 kati ya zile nzuri zilikwenda kwenye mgahawa mmoja uliokubali kulipa Ijumaa, ukalipa baada ya majuma matatu. Deni la 300,000 ni karibu mara nne ya faida yote ya mzigo, na fedha ile ndiyo iliyotakiwa kununua mzigo uliofuata. Baba mdogo alikuwa amekwisha kulipwa. Hapa ndipo ninapoona mchuuzi wa kati haeleweki: watu huhesabu tofauti ya bei mbili, hawahesabu nani anabeba uozo na nani anasubiri kulipwa. Kaya zinalipa papo hapo lakini zinachukua ndoo moja moja, na kila ndoo ina safari yake ya bajaji. Mgahawa unachukua magunia matatu kwa safari moja lakini unalipa kwa wakati wake. Mwenye mtaji wa mzigo mmoja tu hawezi kuwategemea wenye migahawa peke yao, hata wakiahidi bei nzuri kiasi gani.

Pamoja na hayo, shangazi ana hoja, na hoja yake nzito kuliko zote haihusu mia nne. Mfanyabiashara wa Fuso anayepeleka viazi Dar es Salaam hununua shamba zima kwa siku moja, vikubwa kwa vidogo, na kulipa taslimu. Mimi ningeweza kuja na pikapu, nikachukua vile vikubwa ambavyo mkaanga chipsi anavipenda, na kuacha vingine. Fuso ikifika baadaye, mnunuzi wake anaona shamba limekwisha kuchambuliwa na anashusha bei ya kilichobaki. Hasara hiyo haiandikwi kwenye daftari langu. Iko kwenye daftari la baba mdogo, ambaye kwa sababu ni ndugu hatasema lolote. Mkulima asiyeweza kumkatalia mnunuzi yuko pabaya, hata mnunuzi huyo akiwa na moyo mwema. Ndiyo maana mzigo ule niliuchukua bila kuchagua, na zile kilo 110 ndogo zikawa mzigo wangu.

Lumbesa nayo ni hoja ya upande wake. Gunia linapojazwa, likashonewa kilemba juu ya mdomo na kuhesabiwa kuwa moja, mkulima anatoa kilo nyingi asizolipwa. Kanuni zilizo chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hukamata wanaokiuka, lakini huko shambani mazoea yana nguvu. Ndugu anayenunua kwa lumbesa na kuuza mjini kwa kilo anastahili kila neno alilolisema shangazi. Dawa yake ni mizani ya kuning’iniza inayofungwa kwenye mti pembeni mwa shamba, gunia linapimwa mwenye shamba akisoma mwenyewe, na uzito unaandikwa kwenye madaftari mawili.

Kwa hiyo nadhani ugomvi wa kweli hauko kwenye bei ya kuuzia bali kwenye zile kilo 90, kwa kuwa nyingi kati yake zinaweza kuokolewa kabla gari halijafika. Majani yakikatwa wiki mbili hivi kabla ya kuvuna, ngozi ya kiazi inakomaa ardhini. Kipimo chake ni kidole gumba: sugua kiazi kwa nguvu, ngozi ikichubuka usipakie, maana kitachubukia barabarani na kuoza ghalani. Kiazi kichanga kina maji mengi, na mkaanga chipsi atalalamika kwamba kinakunywa mafuta na kulegea. Jambo la pili ni macho ya kiazi. Ukiona udongo umeganda kwenye macho kana kwamba umepakwa gundi, kata kiazi kimoja katikati. Pete ya kahawia inayotoa ute mweupe ni mnyauko bakteria. Gunia la namna hiyo huozesha majirani zake, wala halifai hata kutolewa mbegu. Mzigo wenye dalili hizo ninauacha, na ninamweleza baba mdogo sababu nikimwonyesha kile kiazi kilichokatwa, asije akadhani ninatafuta kisingizio cha kushusha bei.

Uzito wa mzigo pia una maana. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, mazao yasiyozidi tani moja yanayotoka halmashauri moja kwenda nyingine yameondolewa ushuru, na hiyo ni nafuu kwa mchuuzi mdogo. Lakini nafuu hiyo hiyo inanifunga: siwezi kuchukua shamba zima kama Fuso, na baba mdogo hawezi kunitegemea mimi pekee mavuno yanapofurika.

Mapatano tuliyofikia naye yanajaribu kukubali ukweli huo. Ninatangulia Fuso kwa sehemu ya shamba iliyopimwa kwa hatua, si kwa kuchagua viazi shamba zima, na ndani ya sehemu hiyo ninachukua kila kitu: vikubwa kwa bei moja, vidogo kwa bei ya chini tuliyoiandika, na vile vya ukubwa wa yai kutoka kwenye mashina yasiyo na ugonjwa vinabaki kwake kama mbegu. Bei inapangwa jioni ya kabla ya kuvuna, baada ya yeye kumpigia simu dalali wa Fuso na kusikia anatoa ngapi. Mara mbili msimu huu dalali yule alitaja bei kubwa kuliko yangu, na viazi vikaenda Dar es Salaam.